Ilimba kwa simu ya video: kinachofika na kinachobaki njiani

"Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Mwanza, ilimba ninayo tayari. Nianze kujifunza kwa video, au nisubiri likizo nije Bagamoyo?"

Marahaba. Njoo kwanza siku mbili, halafu tuendelee kwa video. Jibu hili nililipata baada ya kumpotezea mwanafunzi mmoja wiki nzima.

Alikuwa Morogoro, mimi nipo hapa nyumbani. Kila akipiga chuma nilisikia "tk", kisha kimya. Unajua ilimba ya Kigogo: vyuma vimepangwa juu ya kisanduku na hupigwa kwa magumba, kisanduku kina tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe unaofunika mayai ya buibui. Chuma kikilia, ule utando unatetema na kutoa mvumo kama wa nyuki. Bila huo mvumo, ilimba ni kasha lenye vyuma. Mimi nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Utando wako umepasuka, badilisha." Maskini akashinda siku tatu akipekua nyuma ya makabati na juu ya kenchi kutafuta utando mwingine. Akabandika, akapiga: "tk". Nikamwambia ajirekodi kwa simu bila kunipigia, anitumie hiyo rekodi. Kuifungua, nyuki wamejaa! Ilimba haikuwa na tatizo hata siku moja.

Tatizo lilikuwa programu ya video. Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoongea. Zinatafuta sauti ya mtu, na kinachovuma mfululizo zinakihesabu kuwa feni au jenereta, zinakifuta. Mvumo wa utando unaingia kwenye kapu hilo hilo. Mkia wa sauti nao, pale chuma kinapoendelea kulia taratibu mpaka kinyamaze, unakatwa kwa sababu unafanana na kelele za chumbani. Juu ya hayo, programu inapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo mwanafunzi akipiga kwa nguvu au kwa upole, kwangu vinafika karibu sawa. Namna ya kujua ni rahisi: piga chuma kimoja kirefu, kiache kilie mpaka kiishe. Ikiwa chumbani kinaisha taratibu lakini upande wa pili wanasikia kimekatika ghafla kama kimefunikwa na kiganja, laumu programu.

Kwenye Zoom ya kompyuta dawa ipo. Ingia `Settings`, kisha `Audio`, chagua `Original sound for musicians`, weka tiki kwenye `High-fidelity music mode`, na uondoe `Echo cancellation` kama umevaa visikilizio. Mkiwa ndani ya somo, hakikisha kitufe cha `Original sound for musicians` kimewashwa. Wengi hukosea hapa: mwanafunzi anabadilisha kwake, halafu analalamika kuwa bado hanisikii vizuri mimi. Mpangilio huu unaihusu sauti inayotoka kwako. Ili unisikie mimi vizuri, ni mimi wa kubadilisha kwangu, na kinyume chake.

Hapo video inajitetea vizuri. Sauti ikishafika nzima, naweza kukusaidia hata kupatanisha vyuma: unasukuma kimoja ndani au unakivuta nje kidogo, mimi nasikia kimepanda au kimeshuka. Naweza kukurudishia kipande kimoja mara ishirini bila mtu kusubiri zamu yake. Na ukirekodi somo, unabaki na vidole vyangu usiku kucha, jambo ambalo sisi tuliojifunza kwa kukaa kwenye mkeka tukitazama mikono ya wakubwa hatukuwa nalo.

Kinachoshindikana, na hakuna mpangilio wa kukiokoa, ni kupiga pamoja. Tuchukue mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja lina milisekunde 500, robo yake ni 125. Sauti kutoka Bagamoyo hadi Mwanza kwa simu ya video inaweza kuchelewa milisekunde 150 bila mtu kuona ajabu, maana kwenye maongezi hatuhisi. Basi mimi napiga, wewe unasikia baada ya 150, unapiga nami sawasawa kabisa kwa unavyosikia. Sauti yako inarudi kwangu baada ya nyingine 150. Jumla 300: kwangu umechelewa zaidi ya nusu ya pigo, ingawa hujakosea. Nikipunguza mwendo ili nikusubiri, nawe unapunguza ili unifuate, na wimbo unalala. Tukiwa mkekani, umbali wa mita moja sauti inauvuka kwa milisekunde 3 tu.

Njia ya kuzunguka ni kuzima maikrofoni yako wakati napiga. Wewe unapiga juu yangu na kwako kila kitu kinalingana, mimi natazama vidole tu. Kisha mimi nazima yangu, unapiga peke yako. Inafundisha mkono vizuri. Lakini ilimba mbili zinazopishana, moja ikijaza pale nyingine inapoacha, hazifundishiki hivyo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha hapa kwenye Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, alipiga akizungukwa na wenzake, na kujibizana kule ndiko kunakokosekana kwenye simu.

Upande wa vifaa, usitumie visikilizio vya Bluetooth. Vinaongeza kuchelewa, na maikrofoni yake ikianza kufanya kazi, simu nyingi hushusha ubora wa sauti hadi ule wa kupigiana simu. Tumia vya waya, tena ukipata visivyo na maikrofoni ndiyo bora, kwa sababu simu itaendelea kutumia maikrofoni yake yenyewe. Ile inayoning'inia kwenye waya hukwaruza shati na kusikika kama mtu anafagia. Simu ikae kama nusu mita kutoka kwenye ilimba, pembeni kidogo ya tundu. Ukiisogeza karibu zaidi, chuma kinene kitapasua sauti. Ngoma ni habari nyingine, hiyo simu ikae mbali nayo mita moja na nusu au mbili.

Kamera ndiyo watu wanaiweka vibaya kuliko vyote, kwa sababu wanataka uso uonekane. Mimi uso wako sina haja nao. Nikikutazama kutoka mbele, gumba lako la kulia liko kushoto kwangu, na wewe ukinitazama mimi ni hivyo hivyo, kwa hiyo unaiga mkono usio wenyewe. Mimi nafunga simu kwenye mpini wa ufagio uliolala juu ya migongo ya viti viwili, nyuma kidogo ya bega, kamera ikitazama chini. Unaona vyuma kama unavyoviona vyako mapajani. Kaa ukielekea dirishani, usilipe mgongo. Mwanga ukiwa hafifu kamera huchukua picha chache kwa sekunde, na gumba linageuka ukungu mahali hasa unapotaka kuona limegusa chuma gani.

Basi kwa nini siku mbili kwanza? Kwa sababu kamera hainionyeshi gumba linakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Mwanafunzi anayekaza mkono anaonekana sawa na aliyelegeza, mpaka baada ya mwezi kifundo kianze kuuma. Nikishika mkono wako nitajua kwa dakika moja. Na ukija, beba ilimba yako mwenyewe, usiazime nyingine. Nataka niisikie kwa masikio yangu kabla hatujaanza, ili siku ikisema "tk" kwenye simu nisikutume tena kutafuta buibui.