Sindano ya pili ya homa ya mafua si ya ziada

Kila Oktoba wazazi wenzangu hapa Marekani huulizana swali lilelile: "Mtoto wangu kashachomwa chanjo ya homa ya mafua, mbona kliniki wanamtaka tena? Au wanatafuta hela za bima?"

Hela hazihusiki. Mtu mzima ameshaugua mafua haya mara kadhaa maishani, hivyo chanjo kwake ni kuamsha seli za kumbukumbu ambazo tayari zipo. Mtoto wa miaka miwili huenda hajawahi kukutana na kirusi hicho hata mara moja. Sindano ya kwanza inampiga msasa tu: mwili unamtambua adui, unatengeneza kingamwili kiasi na kuweka kumbukumbu. Ya pili ikiingia, seli zile hazianzi upya. Zinazaliana haraka na kutoa kingamwili nyingi zaidi. Ndiyo maana lazima zipite angalau wiki nne katikati, maana mwili unahitaji muda wa kuandaa kumbukumbu hiyo.

Utaratibu wa hapa unamhusu mtoto wa miezi sita hadi miaka minane. Kama kabla ya Julai 1 hajapata jumla ya dozi mbili maishani mwake, msimu huo anachomwa mbili. Akitimiza miaka tisa kabla ya kuchomwa ya pili, bado anaidai. Anayeanza akiwa na miaka tisa au zaidi hupewa moja, kwa kuwa kufikia umri huo wengi wameshakutana na kirusi chenyewe.

Chukua mtoto wa miaka mitatu aliyechomwa Oktoba 10. Ya pili inaruhusiwa kuanzia Novemba 7, na kinga hukomaa wiki mbili hivi baadaye, yaani Novemba 21. Mama akisubiri hadi Desemba ndipo aanze, ya pili itaangukia Januari, mafua yakiwa yameshashika kasi shuleni. Kwa hiyo mtoto wa dozi mbili ndiye wa kuwahishwa, hata Septemba au kabla, chanjo ikishafika kliniki.

Akichelewa ya pili, haanzi upya. Mpeleke tu, hata zikipita wiki kumi. Lakini msimu ukiisha akiwa na moja, Oktoba ijayo kadi itasomeka dozi moja, naye atadaiwa mbili tena. Hapo ndipo wengi hukasirika, na mimi lawama nazitupa kwa kliniki: kwa nini mzazi aondoke pale mapokezi bila miadi ya pili mkononi? "Mtarudi baadaye" si tarehe.

Na hata baada ya zote mbili atapiga chafya, kwani mafua ya kawaida yana virusi vyake, ambavyo chanjo hii haivigusi. Pengine atayapata hata haya makali, ila mara nyingi huwa mepesi zaidi.