Mfumo umekataa, na wewe je?

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwa mara ya tatu kwenye ofisi moja hapa Mbeya, ambayo jina lake naliacha. Anafuatilia mafao ya marehemu mume wake. Anatoka Tukuyu, kilomita kama 70, anapanda Kosta ya alfajiri ukungu ukiwa bado umelalia migomba, anashuka Uyole, anaunganisha daladala, na saa mbili na nusu yuko kwenye foleni na bahasha yake ya kaki kifuani. Tatizo ni herufi moja. Sisi wenye majina yanayoishia na "sye" tunajua adha yake. Kwenye kitambulisho ameandikwa hivyo, kwenye cheti cha ndoa karani wa enzi hizo akaandika "sie".

Kilichoniuma si herufi. Binti wa dirishani alichukua karatasi zote mbili akazilaza sambamba. Akapitisha ncha ya kalamu chini ya jina la kwanza, kisha chini ya la pili. Akainua macho akamtazama shangazi, akaangalia picha ya kwenye kitambulisho, akamtazama tena. Akasema kwa sauti ile nyororo wanayofundishwa kwenye semina za huduma kwa wateja: "Mama, naona kabisa ni wewe. Lakini mimi siwezi kitu, mfumo umekataa." Kisha akatazama nyuma yetu: "Anayefuata."

Habari kwamba kuna kitu kinaitwa hati ya kiapo cha majina, kwamba wakili anakuandalia na jambo linakwisha, tuliipata kwa mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi. Safari tatu, na aliyetuambia ni mtu wa kwenye benchi.

Nimekuwa nikiigeuzageuza ile sentensi ya yule binti kichwani tangu siku hiyo. Hakumdanganya shangazi. Alisema wazi anachokiona. Aliyedanganywa ni yeye mwenyewe, na aliyemdanganya ni yeye huyo huyo.

Jambo hili lina mwanafalsafa wake, Mfaransa Jean-Paul Sartre, aliyeliandikia sura nzima katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1943. Ukitafsiri jina alilolipa neno kwa neno utapata "imani mbaya" au "nia mbaya", na yote mawili yanapotosha, kwa sababu kwetu mwenye nia mbaya ni yule anayemkusudia mwenzake shari. Sartre anamzungumzia mtu anayejificha ukweli wake mwenyewe, kwamba ana hiari. Mimi nitasema kujidanganya tu.

Mfano wake maarufu ni mhudumu wa mkahawa. Mwendo wake ni mwepesi mno, umenyooka mno. Anawainamia wateja kwa hamu iliyozidi kidogo, na sauti na macho yake vinaijali oda kupita kiasi. Anarudi na trei akiiyumbisha na kuirudisha sawa kama mtu anayetembea juu ya kamba. Sartre anauliza huyu anacheza nini, na jibu lake ni kwamba anacheza kuwa mhudumu.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa chenyewe. Sisi tunalo neno kujifanya. "Anajifanya mkubwa" maana yake anaigiza ukubwa asio nao. Lakini livunje neno lenyewe: ji-fanya, kujitengeneza. Maana zote mbili zimo ndani ya kitenzi kimoja, na hapo ndipo hoja yote ilipo. Kidau cha wino ni kidau cha wino. Hakijifanyi chochote, hakina haja ya kuamka asubuhi na kuanza tena kuwa kidau. Yule mhudumu, anasema Sartre, anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafagia ukumbi, anawasha mtambo wa kahawa, na kila siku angeweza kubaki kitandani hata kama angefukuzwa kazi. Uhudumu wake ni kitu anachokifanya upya kila siku, na hakuna siku kitakapomganda mwilini kama rangi ya ngozi. Anaposema "mimi ni mhudumu", hiyo "ni" haina uzito sawa na "ni" ya kidau. Kujidanganya kunaanza pale mtu anapotaka ziwe sawa, anapotamani kuwa kitu, kwa sababu kitu hakiulizwi.

Sasa rudi dirishani. Kompyuta ni kitu. Kompyuta haiwezi kuona kwamba uso wa shangazi na picha ni vya mtu mmoja na herufi imekosewa na binadamu. Binti anaweza, na aliona, na alisema ameona. Kisha akajiweka upande wa kompyuta. Alikuwa na mambo mengi ya kufanya: kumtajia hati ya kiapo, kuingia chumba cha pili kwa mkubwa wake, kuandika maelezo kwenye faili, au hata kukataa kwa jina lake mwenyewe, aseme "mama, nimeamua nisilipitishe hili, naogopa wakaguzi". Lile la mwisho lingemuuma shangazi, lakini lingekuwa kweli. "Siwezi" ndilo lililokuwa uongo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na uamuzi uliokwisha kufanyika na mwenye kuufanya akafutwa.

Mtu ataniuliza, inawezekanaje kujidanganya? Ili nikudanganye lazima niujue ukweli nikufiche. Nikijidanganya mimi, anayejua na asiyejua ni mtu mmoja. Wapo wanaojibu kwamba akili ina chumba cha chini kisichoonekana, kina mlinzi wake wa mlangoni. Sartre alilikataa jibu hilo kwa hoja ambayo sijaona wa kuipangua: huyo mlinzi naye lazima ajue anachokizuia, la sivyo angekizuiaje? Umeihamisha shida, hujaiondoa. Jibu lake mwenyewe ni jepesi na linatisha zaidi. Anayejidanganya hafuti ukweli, anashusha kipimo. Anaamua mapema kwamba ushahidi kidogo utamtosha. Anaingia humo kama mtu anavyoingia usingizini, bila kutia sahihi popote. "Mfumo umekataa" ni ushahidi dhaifu kabisa kwamba yeye hana la kufanya, na yeye mwenyewe asingeukubali kama bahasha ile ingekuwa ya mama yake. Kwa shangazi yangu, ulimtosha.

Nakubali, ingawa sipendi, kwamba yule binti ana kodi ya nyumba, ana mkubwa mkali, na mafao huibiwa kweli na watu wanaochezea majina. Utaratibu umewekwa kwa sababu. Sartre naye hasemi tunaelea hewani, kwani mshahara, umri na kuzaliwa mahali fulani ni mambo uliyoyakuta, na kuyakana nako ni kujidanganya. Namjua mtu wa idara moja anayesema "mimi hapa napita tu" na amekuwa akipita kwa miaka 11. Huyo naye hajakubali kwamba miaka 11 ni maisha yake. Lakini kuwa na sababu za kuogopa hakugeuzi uamuzi ukawa mvua inayonyesha yenyewe.

Na kuigiza kazi vizuri si dhambi. Hili nililiona saa moja baadaye. Tulitoka pale tukaingia mgahawa mmoja maeneo ya Mwanjelwa, shangazi akitetemeka, maana baridi ya Julai Mbeya haina huruma. Kijana aliyetuhudumia angeweza kutoka kwenye kitabu cha yule Mfaransa. "Karibuni sana wakubwa zangu!" Trei juu ya vidole vitano, kitambaa begani, zamu ya kisigino akikwepa meza. Akamnawisha shangazi kwa jagi, akaupindisha mkono wake mmoja nyuma mgongoni kama mhudumu wa ikulu. Shangazi akaagiza chai ya maziwa na chapati. Kijana akaandika oda, akainama zaidi ya ilivyohitajika, akaondoka hatua mbili. Akasimama. Akarudi, akaishusha trei ikaning'inia pembeni ya paja, na kwa sauti nyingine kabisa akasema: "Bibi, chapati zilizopo ni za asubuhi, zimekauka. Nipe dakika kumi, naenda kumwambia akusukumie za moto." Kisha akaipandisha trei na kuendelea na ule mwendo wake.

Kwa wasomi kuna ubishi kama mhudumu wa Sartre anajidanganya kweli, au anacheza tu huku akijua anacheza. Mimi nikimkumbuka kijana yule nakuwa upande wa pili. Mchezo wake ulikuwa kamili, lakini alibaki na mahali pa kusimama nje yake, na shangazi alipohitaji mtu, mtu akatoka. Hapa Tanzania tulikuwa na ahadi ya TANU iliyosema cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu ulichokabidhiwa. Ili ukabidhiwe, lazima kwanza uwepo wewe, kando ya hicho ulichopewa ukishike.

Sisi wateja nasi tuna mchango wetu. Sartre anasema muuza duka anayeota ndoto za mchana humkera mnunuzi, kwa sababu si muuza duka mtupu. Ni kweli, nimewahi kumfokea kondakta aliyekuwa amezama kwenye mawazo yake. Hatutaki kuwaona. Kisha tunashangaa wakituambia hawapo.

Kuna jambo sijalisimulia. Siku ile, kabla ya zamu yetu, simu ya yule binti iliita. Aliinama chini ya kaunta akaongea Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayezungumza na mzazi. Aliuliza habari za mguu, akauliza kama dawa imenywewa. Shangazi alisikia, uso ukamchangamka. Tulipofika dirishani hakuanza na bahasha, alianza na salamu ya nyumbani. Kwa mila zetu aliyepaswa kutangulia kwa heshima ni mtoto, lakini shangazi alitangulia. Binti akajibu: "Karibu, nikusaidie nini?"

Kwenye Kosta ya kurudi, tumepita Kiwira, shangazi alikuwa kimya kwa muda mrefu, bahasha mapajani. Nikadhani amelala.

"Alinisikia," akasema.

Nikamwambia labda kulikuwa na kelele.

"Alinisikia, mwanangu. Niliona kalamu imesimama."