Saa 8 ipi, jamani?

Kadi ya mwaliko imepambwa maua kila kona, halafu katikati: "05/06/2027, saa 8." Basi! Ni tarehe 5 Juni au 6 Mei? Kuna nchi mwezi hutangulia siku! Na saa 8 ipi? Saa nane mchana, au ile 08:00 ya kwenye simu, yaani saa mbili asubuhi? Hapo pana tofauti ya saa 6! Mtu avuke bahari aje kukuta viti vinakunjwa?

Andikeni hivi: "Jumamosi, 5 Juni 2027, saa 8 mchana (14:00, UTC+3)." Hiyo Jumamosi peke yake inamaliza ubishi, maana 6 Mei ni Alhamisi. Maua yamepata nafasi, mstari huu umekosa?