Kuhama kiwanda cha korosho: siri ni za mwajiri, ujuzi ni wako

"Nimekuwa msimamizi wa ubora kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, mwaka wa nne sasa. Nimepata kazi kiwanda kingine Lindi. Mkataba wangu unasema nikiondoka nisifanye kazi yoyote ya korosho Afrika Mashariki kwa miaka miwili, na nisitoe siri ya kampuni maisha yangu yote. Nikivunja nilipe milioni 50. Je, niiache hiyo kazi? Wanaweza kunifunga?"

Hakuna jela hapa. Huu ni mgogoro wa madai: mwajiri anaweza kuomba fidia, au kuomba mahakama ikuzuie. Jela inaingia pale tu mtu anapofanya kosa la jinai, kwa mfano kuondoka na mali ya ofisi.

Kuhusu kazi ya Lindi, kwa maoni yangu usiiache, lakini uondoke kwa utaratibu. Masharti hayo mawili yameandikwa kwenye ukurasa mmoja, ila hayana nguvu sawa. La kutunza siri linahusu unachobeba, na hilo litakufuata hadi Lindi. La kutoshindana linahusu mahali unapokwenda, na kwa jinsi lilivyoandikwa ni dhaifu.

Kwanza tumsikilize mwajiri, maana ana hoja. Wewe ndiye unayekata sampuli. Unachukua kilo moja, unahesabu punje, unazikata, unatenga nzuri na mbovu, unapima na kuandika mavuno ya punje nzuri: tuseme paundi 50 kwa gunia la kilo 80 za korosho ghafi. Ukifanya hivyo misimu minne, kiwanda kinajua mzigo wa chama kipi cha msingi unalipa zaidi ukishabanguliwa, na kwa hiyo kinajua kiende mnadani kikiwa tayari kupanda hadi bei gani. Mshindani akiijua bei hiyo ya mwisho kabla ya mnada, anaongeza kidogo tu na mzigo unakuwa wake. Hasara ya namna hiyo hutokea asubuhi moja na hairudishiki msimu ule. Ndiyo maana mwenye kiwanda anaogopa, na mimi simlaumu kwa kuogopa.

Lakini angalia kilichomo ndani ya mfano huo, kwa sababu mpaka wenyewe unapita hapo. Kukata sampuli ni ujuzi. Mikono yako imeuzoea, na mtu yeyote aliyefundishwa vizuri anaweza kuufanya Masasi, Newala au Msumbiji. Huo ni wako. Daftari la matokeo ya kila mzigo kwa misimu minne ni la kiwanda. Bei ambazo korosho ghafi ziliuzwa mnadani si siri ya mtu, kwa kuwa zilitangazwa mbele ya wakulima na wanunuzi. Bei ambayo bosi wako alipanga kufikia wiki ijayo ni siri, mpaka mnada upite. Kujua kwamba korosho ikizidishiwa mvuke punje hubadilika rangi na kushuka daraja ni maarifa ya fani. Jedwali la kiwanda chenu la muda na mgandamizo wa boila kwa kila ukubwa wa korosho, walilolipata kwa kuharibu mizigo mingi wakijaribu, ni lao. Vivyo hivyo kwa wanunuzi wa nje: kila mtu anajua kwamba daraja la punje la W320 lina soko, lakini nani analinunua kwenu, kwa masharti gani ya malipo na kwa punguzo gani, hilo hulibebi.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, ungeweza kuifanya kazi mpya bila kufungua simu, faili wala daftari lolote la zamani? Ukiweza, mara nyingi unatumia ujuzi. Ukihitaji kufungua kitu, simama.

Mstari huu una historia ndefu. Mwaka 1916 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby. Saxelby alikuwa mhandisi aliyekulia ndani ya kampuni ya kutengeneza mitambo ya kunyanyulia mizigo, na mkataba ulimkataza kufanya biashara hiyo nchi nzima kwa miaka saba. Kampuni ilishindwa. Malodi walisema mwajiri anaweza kulinda siri zake na uhusiano wake na wateja, lakini hawezi kumzuia mtu kutumia ustadi alioupata kazini, hata kama aliupata kwa gharama ya mwajiri huyo, na hawezi kujikinga na ushindani wenyewe. Kesi hiyo inatuhusu kwa sababu sheria zetu zilipokea misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema vingine. Ongeza Ibara ya 22 ya Katiba yetu, inayompa kila mtu haki ya kufanya kazi, uone mwajiri anaanza safari akiwa nyuma. Yeye ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba zuio ni la haki: analinda kitu gani hasa, kwa muda gani, kwa eneo lipi.

Pima sharti lako kwa hayo matatu. "Kazi yoyote ya korosho" inamzuia hata anayetaka kuwa mlinzi wa ghala au bwana shamba wa mikorosho, ambao hawana siri ya kuhatarisha. "Afrika Mashariki" inafunika nchi ambazo pengine kiwanda hakinunui wala kuuza. Miaka miwili ni misimu miwili mizima, wakati siri yenye thamani kubwa, yaani bei ya mnada, huchakaa ndani ya msimu mmoja. Tena kwa mtu wa Mtwara na Lindi, ambako korosho ndiyo ajira ya viwanda vingi, kumwambia asiguse korosho ni kumwambia ahame au akae bila mshahara. Wala mkataba haujasema kama kiwanda kitamlipa chochote kwa miaka hiyo ya kukaa nje.

Sasa upande wa pili, ambao wafanyakazi wengi hawapendi kuusikia. Kama sharti lingesema "usifanye kazi ya kupanga ununuzi wa korosho ghafi kwa mbanguaji mwingine Mtwara na Lindi mpaka msimu huu uishe", ningekushauri ulichukulie kwa uzito mkubwa. Ni finyu, lina sababu inayoonekana, na linakuacha uendelee na kazi ya ubora. Waajiri wanaoandika kwa pupa ndio wanaojinyima kinga, kwa sababu mahakama inaweza kufuta maneno yaliyozidi, lakini si kazi yake kumwandikia mwajiri sharti jipya lililo zuri.

Hatari ya kweli kwako haiko kwenye hukumu ya mwisho. Iko kwenye zuio la muda. Mwajiri anaweza kwenda mahakamani wiki ya kwanza na kuomba usimame kazi mpaka kesi isikilizwe. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, mahakama zetu huangalia mambo matatu: kama kuna hoja nzito ya kusikilizwa, kama mwombaji atapata hasara isiyofidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Kikionekana kielelezo kimoja kwamba ulijitumia jedwali la boila kwenye barua pepe yako usiku wa kuamkia kuacha kazi, mambo yote matatu yanageuka dhidi yako, hata kama sharti la kutoshindana lilikuwa bovu. Nimeona watu wenye haki wakijiharibia kwa picha moja ya WhatsApp.

Kwa hiyo angalia simu yako kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Wasimamizi wengi wanapiga picha ubao wa boila, karatasi za sampuli, hata ankara, wakiwatumia mabosi kwenye kundi la kazi. Usianze kufuta kimyakimya, maana kufuta nako kunaweza kuonekana ni kuficha. Andika orodha ya ulichonacho, kabidhi kwa maandishi pamoja na kompyuta na madaftari, omba asaini aliyepokea, kisha nakala za kwenye simu zifutwe kwa makubaliano hayo. Orodha ya namba za wakulima na wateja iwekee uangalifu wa ziada: tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na kuihamisha kwenda kwa mwajiri mpya ni tatizo tofauti na mkataba.

Mwonyeshe mwajiri wa Lindi sharti hilo kabla hujasaini, kwa sababu naye anaweza kushtakiwa kwa kukushawishi uvunje mkataba kwa kujua. Kisha mwandikie wa zamani barua fupi: kazi yako mpya ni ipi, kwamba utatunza siri zake, na kwamba uko tayari kutoshiriki upangaji wa bei za mnada kwa msimu huu. Barua hiyo inaonyesha nia njema mbele ya jaji yeyote, na mara nyingi inamaliza jambo.

Ile milioni 50 nayo si deni linalosubiri tu kukusanywa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama kutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi hicho ni dari. Na mwajiri asikate kwenye malipo yako ya mwisho kwa kuhisi tu kwamba utavunja. Makato ya mshahara yana masharti yake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na cheti cha utumishi ni haki yako ukiondoka, si zawadi ya kukusainisha hati mpya ya siri siku ya mwisho. Akikatalia malipo au cheti, peleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.

Mambo mawili yanaweza kubadilisha jibu langu. Kama ni wao watakaokuachisha kinyume cha mkataba, kuna msingi wa tangu kesi ya General Billposting dhidi ya Atkinson ya 1909 kwamba mwajiri aliyevunja mkataba kwa namna hiyo hawezi kushikilia zuio lake. Na kama "siri" wanayotaka uifunike ni uhalifu, tuseme mizani iliyochezewa ghalani, sharti la siri halikuzuii kutoa taarifa kwa mamlaka husika. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Kumpa mshindani taarifa hiyo hiyo ni jambo jingine, na huko sheria hiyo haikukingi.