Kapu Lililojikana Lenyewe

Nina karakana ndogo ya viyoyozi jijini Dar es Salaam, yenye mafundi wanne na gari moja, na mteja wetu mkubwa ni kampuni binafsi ambayo jina lake nitalisitiri, kwa sababu katika habari hii mwenye makosa ni mimi. Mwezi wa Novemba viyoyozi vyao viwili viliharibika siku moja, na mafundi wangu walipokesha juu ya ngazi, wafanyakazi wa ofisi ile waliwaletea maji na chapati bila kuombwa. Nikaona ungwana ni kuwapelekea kapu la Krismasi.

Kapu halikunisumbua hata kidogo. Tulitia mchele wa Kyela kilo tano, mafuta ya alizeti, korosho za Mtwara, asali ya Tabora, biskuti na nusu kilo ya majani ya chai, tukalifunika kwa nailoni inayong'aa na kulifunga utepe mwekundu. Kilichonikosesha usingizi ni kadi ya shukrani.

Mhasibu wangu ndiye aliyeandika ya kwanza: "Tafadhali pokeeni kitu kidogo kutoka kwetu." Nilimwuliza kama amewahi kusimamishwa barabarani akiwa kwenye gari bovu, akacheka, akaifuta. Nikaandika ya kwangu: "Tumewaletea chai ya ofisi." Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu, maana majani ya chai yalikuwemo, lakini niliposoma kwa sauti nikajisikia kama mtu anayenong'ona dirishani kwa karani wa masijala.

Nikampigia simu baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ili anipe neno safi.

"Mwanangu, andika takrima," alisema. "Ni neno la heshima, maana yake ni ukarimu."

Nilimkumbusha kwamba neno hilo liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili wagombea waruhusiwe kuwakirimu wapiga kura, na kwamba mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba, na tangu hapo halijapata tena nguo ya kuvaa. Akanyamaza kidogo, kisha akapendekeza niianze kadi kwa methali. Methali yenyewe ilikuwa "Mkono mtupu haulambwi." Nilimshukuru na kumtakia usiku mwema kabla hajafika kwenye "Penye udhia penyeza rupia."

Basi, kila neno la shukrani nililoligusa lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa wala rushwa na kurudi na madoa. Saa tano za usiku, nikiwa nimechoka, niliamua kuukata mzizi wa fitina, nikaandika hivi:

"Mheshimiwa Meneja Utawala. Kapu hili si rushwa, wala halina nia ya kushawishi, kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007. Ni upendo tu. Tunatumaini ushirikiano wetu utaendelea mwakani."

Nililala kama mtoto mchanga.

Asubuhi ya Jumanne fundi wangu alilipeleka kapu na, kwa nia njema ya kuokoa mafuta ya gari, akatia ndani ya bahasha ileile ya kaki ankara yetu ya Novemba ambayo ilikuwa bado haijalipwa. Bahasha akaibandika mbele ya kapu, chini kidogo ya pakiti ya majani, na kadi akaiacha nje ili isomeke. Kwa hiyo mtu aliyeingia mapokezi aliona kwanza neno CHAI kwa herufi kubwa nyekundu, kisha chini yake mwandiko wangu: "Kapu hili si rushwa."

Saa nane mchana niliitwa. Mama mmoja wa makamo, ofisa anayesimamia maadili katika kampuni ile, alikuwa ameliweka kapu juu ya meza yake kama kielelezo mahakamani. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua, akanionyesha kiti.

"Baba, kuna mtu aliyesema ni rushwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa wewe unamkanushia nani?"

Sikuwa na jibu. Akashika kalamu, akaanza kuipitia kadi yangu neno kwa neno. Aliniuliza ni nani aliyewapa mafundi chapati, nikamwambia ni wasichana wa mapokezi na wahudumu, akauliza kwa nini basi shukrani imeandikwa kwa Meneja Utawala peke yake, ambaye siku ile alikuwa safarini na ambaye ndiye huidhinisha malipo yetu. Kisha akatoa ankara kwenye bahasha kwa ncha za vidole viwili, akailaza kando ya asali, akanitazama. Nilieleza habari ya kuokoa mafuta. Hakucheka.

"Mkataba wenu unakwisha lini?"

"Tarehe 31 Desemba."

"Na kikao cha kuamua kama tutauhuisha ni keshokutwa. Wewe leo umeleta mchele, na umeandika 'tunatumaini ushirikiano utaendelea'. Ukiwa wewe ndiye hakimu, utasemaje?"

Nikiwa mimi ndiye hakimu ningejifunga. Nilijitetea kwamba wao si serikali, akanijibu kwa upole kwamba sheria niliyoinukuu mwenyewe inamhusu hata mwajiriwa wa kampuni binafsi, na kwamba kama ningeisoma badala ya kunakili jina lake ningelijua hilo. Uamuzi wake ulikuwa kapu lirudi, na kama nia ya kushukuru bado ipo, niulize kwanza, nilete baada ya kikao kufanya uamuzi, vyovyote utakavyokuwa. Kisha akageuza kadi yangu na kuandika nyuma yake maneno ambayo ninayo hadi leo:

"Kwa wafanyakazi wote wa ofisi. Asanteni kwa maji na chapati mlizowapa mafundi wetu usiku wa matengenezo ya Novemba. Tumeleta vyakula vya kugawana, orodha na bei zake zimeambatishwa. Heri ya Mwaka Mpya."

"Unaona?" alisema. "Imetaja jambo lililokwisha kupita, haikuomba la mbele, na bei iko wazi ili tuiandike kwenye daftari la zawadi. Rushwa haileti risiti."

Niliondoka nimelibeba kapu kifuani, nikipita katikati ya meza za watu wale wale niliotaka kuwafurahisha, na nailoni ikipiga kelele kwa kila hatua. Getini mlinzi alinizuia, kwa kuwa mali yoyote inayotoka lazima iandikwe. Alisoma kadi taratibu, akanitazama, akaisoma tena, halafu akaandika kwenye kitabu chake kwa mwandiko mzuri wa shuleni: "Kapu 1, si rushwa. Linatoka." Nikatia sahihi.

Alhamisi mkataba ulihuishwa bila msaada wa mchele wangu. Januari niliomba ruhusa kwa barua, nikajibiwa, nikapanga vyakula upya, nikabadilisha biskuti ambazo mafundi walikuwa wamezila, na pakiti ya majani nikaizamisha chini kabisa ya mchele. Nilipofika getini mlinzi alinitambua kabla sijashuka kwenye gari. Alifungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa hadi Desemba, akautafuta mstari wangu kwa kidole, na pembeni yake akaongeza: "Limerudi. Bado si rushwa."