Imepita kwenye laptopu, imekufa ukutani

Juzi tulikuwa mkutanoni Lamu, ghorofani, madirisha yote wazi na jua la saa sita likimeta juu ya maji. Slaidi za mgeni wetu zilikuwa nyeupe, na maandishi yake ya kijivu, #767676. Mzee aliyekaa nyuma yangu akaniinamia: "Mwanangu, hapo pameandikwa kitu?"

Wakati wa chai nikamfuata mwenye slaidi. Akanijibu kwa fahari: "Hiyo imepita WCAG, bwana. 4.54 kwa 1."

Kweli imepita. WCAG ni miongozo ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, na kiwango chake cha AA kinataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake ufike 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa, na afadhali mtu anayepima kuliko yule anayebandika maneno meupe juu ya picha ya tanga. Lakini imepita wapi?

Tazameni fomula yenyewe:

```
(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

L ni mwangaza wa rangi, L1 ya ile inayong'aa zaidi: nyeupe 1, nyeusi 0, kijivu chetu kama 0.18. Ile 0.05 inasimama badala ya mwanga wa chumbani unaoangukia kioo. Ni makadirio ya ofisi ya kawaida, wala si ya ukumbi unaotazama bahari mchana. Tena projekta haitoi weusi. Herufi nyeusi ukutani ni ukuta wenyewe, kwa mwanga wowote uliopo pale.

Basi nikapima. Unaweka simu yenye programu ya kupima mwanga pale pale ukutani, uso wake ukielekea projekta. Kwanza slaidi nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu. Simu si kifaa cha maabara, lakini hapa tunatafuta uwiano tu. Nyeusi ilisoma laksi 200, nyeupe 600. Gawanya: 3 kwa 1. Hicho ndicho kikomo cha ukumbi ule, hata uandike kwa weusi wa makaa. Projekta yenyewe inachangia 400, kwa hiyo kijivu kinapata 200 za chumba na 72 juu yake, yaani 0.18 ya zile 400, jumla 272. Gawa 600 kwa 272, unabaki na 2.2. Ile 4.54 ya fahari imeshapungua zaidi ya nusu, na mgeni bado anamwona mzee ndiye mwenye tatizo la macho!

Hakuna rangi ya kuokoa hapo. Unaanza na chumba. Tulifunga madirisha ya mbao upande wa bahari (joto likatukomesha), slaidi nyeusi ikashuka hadi 40, nyeupe 440. Sasa kikomo ni 11, na kijivu kile kile kinafika 3.9. Kinatosha kwa kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Hakitoshi kwa jedwali la bajeti lenye herufi ndogo, na watu walikuwa wamekuja kuona bajeti.