Rasta Mpya Zikiuma, Zilegeze Usiku Huohuo

Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha msusi, iwe Wandegeya jijini Kampala au kibarazani kwa jirani, amewahi kuambiwa: "Vumilia, zitalegea zenyewe baada ya siku tatu." Kweli, maumivu mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Lakini sehemu ya huko kulegea inaweza kuwa nywele zenyewe kuanza kuachia kwenye mizizi, hasa ukingoni mwa paji la uso na kwenye panja, ambako ni nyembamba. Kwa maoni yangu, usiku wa kwanza si wa kumeza dawa na kuvumilia. Ni usiku wa kulegeza.

Kila shina la unywele limezungukwa na mishipa ya fahamu, ndiyo maana unasikia hata unywele mmoja ukiguswa. Rasta ikivutwa kupita kiasi, mashina yote yaliyo kwenye kijiraba chake yanavutwa pamoja, saa ishirini na nne. Madaktari wanaitambua aina hii ya maumivu ya kichwa, na dalili zake ni rahisi kukumbuka: yanauma zaidi pale panapovutwa, na mvuto ukiondolewa huisha ndani ya saa 1. Hicho ndicho kipimo chako cha nyumbani.

Tuchukue mfano unaoonekana sana shule zinapofungwa. Shule nyingi za Uganda huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi, kwa hiyo likizo ikianza, binti wa miaka 16 anaingia saluni na nywele za sentimita tatu au nne. Msusi hana cha kushika. Ili nywele za kuongezea zisichomoke, anakaza fundo la kwanza kwa nguvu na kuchukua hata malaika wa ukingoni. Mara nyingi wasusi wawili wanagawana kichwa, mmoja kulia, mwingine kushoto, na mikono haifanani. Jioni binti amezibana rasta zote juu, panja la kulia linapwita, hawezi kulalia upande huo, na nyusi zimepanda kidogo kama mtu aliyeshtuka.

La kwanza ni kufungua kibanio na kuziacha rasta zining'inie, kisha kusubiri saa 1 nzima. Kuzibana juu kunavuta ukingo upya hata kama msusi hakukosea. Maumivu yakiisha, tatizo lilikuwa kibanio, na asizifunge tena kwa wiki moja au mbili. Yakipungua lakini upande wa kulia ubaki unauma, washa tochi ya simu na kuitazama ngozi kwa karibu. Rasta iliyokazwa mno huinua ngozi kwenye shina kama kihema kidogo, na pembeni utaona vidoa vilivyopauka au vyekundu. Shika rasta karibu na ngozi, uilaze mbele, kisha nyuma. Ikigoma kulala upande mmoja au ikichoma, itie kwenye hesabu. Katika mfano wetu, tuseme sita za ukingo wa kulia ziko hivyo, na nyingine kumi na kitu zinauma kiasi tu.

Hizi za kiasi zinalegezeka bila kufumuliwa. Changanya nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha kondishena, ile ya kupaka baada ya kuosha nywele, utie kwenye chupa ya kupulizia, na unyunyize mashina tu mpaka yawe na unyevu. Weka juu yake kitambaa safi cha uvuguvugu kwa dakika kumi. Unyevu huufanya unywele unyumbuke kidogo. Usioshe kichwa kizima usiku huo, kwa sababu rasta zikilowa hubeba maji, na uzito wote huo unaangukia shina lilelile linalolia. Halafu shika rasta moja sentimita moja hivi kutoka kwenye ngozi na uisukume taratibu kuelekea kichwani, huku ukiizungusha kidogo kati ya vidole. Isukume, usiivute. Wengi wanakosea hapo: wanashika rasta na kuitikisa kwenda nje, au wanachomeka mkia wa chanuo chini kabisa kwenye ngozi na kunyanyua. Huko ni kuvuta upya, safari hii nywele zikiwa zimelowa, na unywele uliolowa ni dhaifu zaidi.

Kama ni mistari ya kulala kichwani, kwa mfano twende kilioni, mkia wa chanuo unafaa, lakini uwe wa plastiki na usio na ncha kali. Anzia kisogoni kwenye mwisho wa mstari, legeza pindo moja moja ukija mbele. Ukianzia kwenye paji la uso hakuna nafasi ya ziada ya kuazima, kwa hiyo unalegeza pindo moja na kukaza jirani yake.

Zile sita zenye vihema hazisukumwi. Zinafumuliwa. Najua inauma mfukoni, lakini ni rasta sita, si kichwa kizima. Papasa rasta mpaka uone nywele za binti zinapoishia, shuka vidole vitatu chini ya hapo ndipo ukate, kisha fumua kutoka chini kupanda juu. Ukifika kwenye fundo lenye nywele za kuongezea, lipe maji kidogo na ulifungue kwa vidole, bila kulikwanyua. Kama mkasi unakutia wasiwasi kwa sababu nywele ni fupi, fumua rasta nzima bila kukata chochote.

Usiku huo anaweza kumeza parasetamoli. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Kwa mtoto fuata kipimo cha umri wake kwenye pakiti. Aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Dawa inatuliza, lakini ikitumika badala ya kulegeza inaficha tu kinachoendelea. Mafuta mazito juu ya vipele huziba, na yale ya kuchua yenye kuwasha huongeza mchomo kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Vipele vyenye usaha kwenye mashina vina maana kwamba rasta za eneo hilo zitoke zote, hata kama zimesukwa jana. Vikisambaa, au tezi zikivimba nyuma ya masikio, nenda kituo cha afya. Na hapa Uganda kuna mtego mmoja: homa na maumivu ya kichwa visisingiziwe rasta. Kapime malaria siku hiyohiyo. Kichwa kinachoendelea kuuma saa kadhaa baada ya kufumua, au kinachokuja na shingo ngumu, kutapika au macho kutoona vizuri, hakihusiani tena na msusi, na hicho ni cha kupelekwa hospitali haraka.

Ukingo uliofumuliwa upumzike mpaka ukiubonyeza kwa kidole hausikii chochote, na kwa nywele za dawa uongeze muda, kwa kuwa hizo hukatika upesi zaidi zikivutwa. Siku ya kurudi saluni, omba rasta zilizotoka zirudishwe chache na kwenye viraba vikubwa, nne badala ya sita, malaika waachwe nje, na nywele za kuongezea ziingizwe kidogo kidogo kuanzia chini ya shina badala ya kufungwa fundo juu ya ngozi. Kabla msusi hajasonga kwenye rasta ya pili, inua nyusi na utazame chini. Ukihisi ngozi inavutwa, mwambie palepale: "Dada, hii moja ifumue, umenikaza." Kufumua moja ni dakika mbili, zikishafika sitini hakuna msusi atakayekubali.